Kabla ya Kodi, Zungumza Miaka

Mtu akipata chumba kizuri cha kufungulia mkahawa, swali la kwanza kinywani huwa ni kodi. Ni shilingi ngapi kwa mwezi? Anashusha mwenye jengo, anapanda mpangaji, wanakutana katikati, wanapeana mikono. Suala la mkataba ni wa miaka mingapi huja mwishoni, likijazwa kwa kalamu kwenye nafasi iliyoachwa wazi, kana kwamba ni tarehe tu ya kuandika.

Nchini Kenya huko ni kuanzia mkiani. Muda wa mkataba ndio unaoamua ni sheria gani itakayokulinda, ni nani mwenye neno la mwisho kodi ikitaka kupandishwa, na ni kwa njia gani unaweza kutolewa. Kuna mpaka mmoja, nao ni miaka 5. Mawakili wa wenye majengo wanaujua vizuri sana, ndiyo maana mikataba mingi ya maduka na mikahawa mjini Nairobi na Mombasa huandikwa kwa miaka 6, au kwa kipindi kinachomshangaza mgeni: miaka 5 na miezi 3. Ile miezi mitatu haikutokea kwa bahati.

Chanzo chake ni sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu upangaji wa maduka, hoteli na nyumba za kuuzia chakula. Inamtambua kama mwenye nyumba ya chakula yeyote anayeuza chakula au vinywaji vya kuliwa na kunywewa hapo hapo, kwa hiyo kibanda cha chai na mahamri kilicho ndani ya jengo la mtu kinaingia sawa na mkahawa wa vitambaa vya mezani. Upangaji wa namna hiyo ukiwa haukuandikwa kabisa, au umeandikwa lakini hauzidi miaka 5, sheria inauita upangaji unaodhibitiwa. Na ukishadhibitiwa, mwenye jengo hawezi kubadilisha sharti lolote wala kukutoa isipokuwa kwa njia iliyowekwa na sheria yenyewe.

Njia hiyo ni hii. Mwenye jengo akitaka kuongeza kodi ambayo hamkukubaliana, anapaswa kukupa notisi iliyoandikwa kwa fomu maalumu, ikitaja sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu uipokee. Ujumbe wa simu si notisi. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ikisema "kuanzia mwezi ujao" si notisi. Ukiipokea ile halali, una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Usipokubali, unapeleka shauri katika Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ambayo notisi ilitakiwa kuanza. Ukishafanya hivyo, ile nyongeza inasimama hadi Baraza liamue, nawe unaendelea kulipa kodi ya zamani. Mbele ya Baraza, kila upande kwa kawaida huleta mthamini wake aliyepima ukubwa wa chumba na kulinganisha na kodi za vyumba vya jirani vinavyofanana nacho. Asiyeridhika hukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Anayenyamaza ndiye anayeumia. Notisi halali isiyopingwa kwa wakati hugeuka kuwa kodi mpya, hata ikiwa ilikuwa imepandishwa maradufu. Nimewahi kusikia watu wakisema, "Mimi sikutia sahihi, kwa hiyo hainihusu." Inawahusu sana.

Ulinzi huo una uzito mwingine ambao wapangaji wengi hawaujui. Mkataba wa miaka 3 ukiisha, upangaji hauishi. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi haitoshi kukutoa. Bado mwenye jengo lazima atoe notisi na aonyeshe mojawapo ya sababu ambazo sheria imezitaja: kwamba umeshindwa kulipa kodi kwa miezi 2 au unachelewesha mara kwa mara, umeacha ukarabati uliokuwa juu yako, umevunja masharti mengine makubwa, au kwamba yeye anataka kulibomoa na kulijenga upya, au anataka kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Hata kukuletea dalali wa kunadi meza na friji zako kwa deni la kodi kunahitaji kwanza ruhusa ya Baraza. Majengo ya serikali na ya kaunti yako nje ya mpango huu wote, kwa hiyo mwenye kibanda katika soko la kaunti asiutegemee.

Sasa rudi kwenye miaka 5 na miezi 3. Mkataba unaovuka mpaka huo, usio na kifungu cha kuuvunja mapema, unatoka katika ulinzi huu. Hapo hakuna Baraza. Kodi itapanda kama karatasi inavyosema, na siku ya mwisho ikifika, mwenye jengo anaweza kukuambia kwaheri bila kutoa sababu. Yaani ulichokiandika ndicho ulicho nacho.

Je, mkataba mrefu ni mbaya basi? Hapana. Inategemea utazika pesa kiasi gani ndani ya kuta za mtu. Anayeuza chai, chapati na maharagwe kwa majiko mawili ya gesi anaweza kuhama kwa mkokoteni mmoja. Kwake mkataba mfupi unaomweka chini ya ulinzi wa sheria ni mzuri kuliko anavyodhani. Lakini anayejenga jiko lenye bomba la moshi hadi juu ya paa, chumba cha baridi, vigae na vyoo vya wateja hawezi kuishi kwa wasiwasi wa jengo kubomolewa mwaka wa pili, sababu ambayo sheria ya 1965 inamruhusu mwenye jengo kuitumia. Huyo anahitaji miaka mingi iliyoandikwa, na baada yake haki ya kuongeza kipindi kingine.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja anauza pilau na biriani karibu na Mwembe Tayari, Mombasa. Amepata chumba cha chini katika jengo la ghorofa tatu. Mwenye jengo, mzee wa makamo, anataka miaka 6 na shilingi 120,000 kwa mwezi.

"Na kila mwaka asilimia kumi, Mama. Mtaa mzima huu wanalipa hivyo."

"Laki na ishirini sina neno nayo, Mzee. Tuizungumze hiyo kumi."

Mama huyu amefanya jambo la busara. Wengi wangepigania laki na ishirini ishuke iwe laki na kumi, kisha wakaiachia asilimia kumi ipite kwa sababu inaonekana ndogo. Hebu tuipige hesabu. Asilimia 10 kila mwaka hupanda juu ya kodi iliyokwisha kupanda, si juu ya ile ya mwanzo. Mwaka wa pili ni 132,000, wa tatu 145,200, na mwaka wa sita inakuwa shilingi 193,261 kwa mwezi. Kwa miaka yote sita atakuwa amelipa zaidi ya milioni 11.1.

Yeye anapendekeza asilimia 7.5 kila baada ya miaka 2. Kwa mpango huo, miaka miwili ya mwanzo ni 120,000, ya katikati 129,000, na ya mwisho 138,675. Jumla ni milioni 9.3 na ushei. Tofauti ya mipango hii miwili ni karibu milioni 1.8, ilhali kodi ya mwezi wa kwanza haikuguswa hata shilingi moja.

Ni vyema kuigeuza hesabu hiyo iwe sahani. Tuseme kila sahani ya pilau, baada ya kutoa mchele, nyama, gesi na mishahara, inamwachia shilingi 60. Kwa mpango wa mzee, kodi ya mwaka wa sita imezidi ile ya kwanza kwa 73,261. Akifungua siku 26 kwa mwezi, lazima auze sahani 47 zaidi kila siku, na hizo zote ni za kulipia nyongeza tu. Yeye bado hajapata kitu. Mwenye mkahawa akifika mezani na hesabu ya sahani, mazungumzo hubadilika, maana hata mwenye jengo anaona kwamba anataka kukata tawi alilokalia. Wafanyabiashara wengi wa chakula hujipimia kwamba kodi isipite sana sehemu moja ya kumi ya mauzo. Kwa 120,000 ina maana lazima auze kama milioni 1.2 kwa mwezi, na hilo alijue kabla hajatia sahihi.

Mwenye jengo anaposhikilia kiwango chake, mara nyingi kuna kitu kingine anachoweza kukitoa kwa wepesi zaidi: miezi ya matengenezo bila kodi. Kodi iliyoandikwa kwenye mkataba ndiyo benki na mnunuzi huitazama wanapolithamini jengo, kwa hiyo hapendi ishuke. Lakini miezi 2 ya mwanzo bila kulipa, wakati mafundi wanapiga vigae na kupitisha mabomba, haigusi tarakimu hiyo. Kwa mama wetu ni shilingi 240,000 zinazobaki mfukoni wakati ambapo hajauza hata kikombe cha chai.

Aulize pia kama laki na ishirini hiyo ni pamoja na ushuru wa ongezeko la thamani au ni kabla yake. Kodi ya jengo la biashara hutozwa ushuru huo kwa asilimia 16, na 120,000 inaweza kugeuka 139,200 kwenye ankara ya kwanza. Kisha kuna ada ya huduma ya mlinzi, taa za ngazi, maji ya kisima na taka. Kiandikwe ni kiasi gani na kinapandaje, vinginevyo kodi itafungwa kwa kamba huku ada ikikimbia uwanjani. Na kifungu kinachosema kodi "itarekebishwa kulingana na soko" bila kutaja kikomo kisikubaliwe kabisa.

Tukija kwenye ukarabati, maneno ya kuogopa ni haya: "mpangaji ataweka jengo katika hali njema wakati wote." Yanasikika kama adabu ya kawaida, kumbe yanaweza kukupa paa la mtu mwingine ulitengeneze. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 ina mgawanyo wa busara: pale mpangaji anapochukua sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote ni juu ya mwenye jengo. Mpangaji anabeba sehemu yake ya ndani, na hadaiwi uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Lakini mgawanyo huo unaweza kubadilishwa na mkataba wenyewe, na ndipo yale maneno ya adabu hufanya kazi yake.

Mkahawa si duka la nguo. Unatoa vitu vitatu ambavyo majengo ya zamani hayakujengewa: moshi, mafuta na maji mengi ya kuoshea. Mahali ugomvi unapoanzia ni kwenye bomba. Masufuria ya pilau huoshwa kwa maji ya moto, mafuta yanashuka yakiwa laini, yakifika kwenye bomba la baridi chini ya sakafu yanaganda. Miezi kadhaa baadaye maji yanarudi juu kupitia tundu la jikoni, na harufu inawafikia wateja. Mwenye jengo anasema ni mafuta yako. Wewe unasema bomba ni la mwaka gani, na vyoo vya ghorofa zote tatu vinapita humo humo.

Namna ya kuukwepa ugomvi huu ni kuutazama mfereji kabla ya kutia sahihi. Fundi bomba afungue chemba iliyo nje, amwage ndoo kadhaa za maji jikoni, na atazame kama yanafika kwa kasi au yanachechemea. Kama yanachechemea sasa hivi, hayo si mafuta yako. Kisha mkataba uweke mpaka kwenye kitu kinachoonekana kwa macho: kutoka kwenye sinki hadi chemba ya kwanza ni kazi ya mpangaji, kutoka chemba hiyo hadi mfereji wa barabarani ni kazi ya mwenye jengo. Kwa upande wake, mpangaji aweke sanduku la kunasia mafuta chini ya sinki, ambamo mafuta huelea juu na kuchotwa kabla hayajaingia bombani, na aandike kwenye daftari kila siku analolisafisha. Siku ya ugomvi daftari hilo litamsaidia kuliko maneno mengi.

Moshi ni habari nyingine. Bomba la moshi lazima lipite mahali fulani hadi juu ya paa, na hapo linagusa ukuta na paa ambavyo si vyako. Ruhusa ya kulipitisha, pamoja na njia litakayofuata, iwe ndani ya mkataba. Wapangaji wa ghorofa ya juu wakilalamika, afisa wa afya ya umma wa kaunti atamfuata mwenye mkahawa, na kama mwenye jengo naye atasema hakuruhusu tundu hilo, leseni iko hatarini huku kodi ikiendelea kuhesabiwa. Hali kadhalika umeme: ukitaka oveni kubwa na chumba cha baridi, utahitaji fezi tatu, na ijulikane mapema ni nani atakayelipia kuuleta.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, piga picha kila pembe: dari, nyufa, madoa ya maji, soketi, masinki. Zichapishwe, nyote wawili mtie sahihi, ziambatishwe kwenye mkataba. Kazi hiyo ya saa moja ndiyo italinda amana yako, ambayo kwa majengo ya biashara mara nyingi huwa kodi ya miezi 3. Kwa mama wetu ni shilingi 360,000. Humo humo iandikwe ukiondoka utaacha nini na utang'oa nini. Wapo wenye majengo wanaodai chumba kirudishwe kitupu kama kilivyokuwa, vigae vyote vibanduliwe, na gharama yake hukatwa kwenye amana hiyo.

Moto au mafuriko yakiliharibu jengo bila kosa la mpangaji, Sheria ya Ardhi inasema kodi isimame kwa kiasi cha uharibifu mpaka patengenezwe, na miezi 6 ikipita bila kukalika, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Hakikisha mkataba wako haujaifuta haki hiyo kimyakimya.

Linabaki swali linalomkosesha usingizi mtu mwenye mkataba wa miaka 6: biashara ikifa mwaka wa pili, je? Ataomba kifungu cha kuondoka kwa notisi ya miezi 3, na mwenye jengo atakataa. Huenda akamwona mkaidi tu, lakini ukaidi huo una sababu. Kifungu kinachoruhusu kuuvunja mkataba ndani ya miaka 5 ya mwanzo, kwa jambo lisilokuwa kosa la mpangaji, huurudisha mkataba wote chini ya sheria ya 1965, hata ukiwa umeandikwa miaka 6 au 10. Wakili wake anajua hilo. Wapo wenye majengo wasiojua, wanaochukua mkataba kutoka kwa rafiki, wanaandika miaka 6 na chini yake wanaweka kwamba "upande wowote unaweza kuvunja kwa notisi ya miezi mitatu" wakidhani wamejipa nguvu. Wamempa mpangaji Baraza bila kujua.

Badala ya kugombania mlango ambao hautafunguliwa, omba haki ya kumhamishia mtu mwingine mkataba, kwa idhini ya mwenye jengo ambayo hataizuia bila sababu ya maana. Mkahawa ambao wewe umeshindwa kuuendesha, lakini una jiko kamili, leseni na miaka minne iliyobaki, una mnunuzi. Na kwa ajili ya mwisho wa miaka sita, omba haki ya kuongeza kipindi kingine. Isiandikwe "kwa kodi watakayokubaliana", kwa sababu wasipokubaliana hakuna haki yoyote hapo. Iandikwe jinsi kodi itakavyopatikana: ile ya mwisho pamoja na asilimia fulani, au kiwango cha mthamini atakayeteuliwa na pande zote mbili. Weka alama kwenye kalenda siku ya mwisho ya kuomba nyongeza hiyo, maana ikipita hata kwa juma moja, haki imekufa.

Mama wetu na mzee walimalizana hivi: miaka 6, kodi 120,000, nyongeza ya asilimia 7.5 kila miaka 2, miezi 2 ya matengenezo bila kodi, mfereji nje ya chemba juu ya mzee, bomba la moshi lipite ukuta wa nyuma, na haki ya miaka 6 mingine. Mzee alipata alichokitaka, yaani mkataba ulio nje ya Baraza na mpangaji asiyeondoka kesho. Mama alipata kodi anayoweza kuitabiri.

Kazi haijaisha hapo. Mkataba unaozidi miaka 2 unapaswa kuandikishwa katika masjala ya ardhi, na kabla ya hapo ulipiwe ushuru wa muhuri: asilimia 1 ya kodi ya mwaka ikiwa muda hauzidi miaka 3, asilimia 2 ukizidi. Kwa kodi ya 1,440,000 kwa mwaka, ni shilingi 28,800. Ukienda masjala utaona pia kama huyo anayejiita mwenye jengo ndiye aliyeandikwa kwenye hati, na kama benki inalishikilia jengo kwa mkopo, maana hapo idhini ya benki inahitajika. Wengi huikwepa hatua hii ili kuokoa pesa hizo. Mkataba usioandikishwa unabaki kuwa makubaliano ya watu wawili. Jengo likiuzwa, mnunuzi anaweza kukuambia hakukutana nawe popote. Kwa hiyo usimwite fundi wa jiko kabla karatasi haijarudi kutoka masjala ikiwa na muhuri.